Hofu ya Vipuri Visivyoingiliana

Isangi, pale Lomami inapomwagika mtoni Kongo, mzigo huja kwa chombo kutoka Kisangani. Ukinunua kipuri kisichofaa, kukirudisha ni safari na nauli. Kwa hiyo kijana anayetaka kompyuta ya michezo ana haki ya kuogopa, ila hofu yenyewe mara nyingi imeelekezwa kusiko.

Wanasema vipuri ni vingi mno, mgeni hawezi kujua kipi kinaingiliana na kipi. Chukua mfano huu: prosesa Ryzen 5 5600, ubao mama wa B550, rami za DDR4 na kadi ya picha RX 6600. Prosesa inataka soketi ya AM4, na B550 inayo. Rami ya DDR5 haiingii hapo hata ukiilazimisha, maana pengo lake limekatwa mahali pengine. Umeme nao ni wa kujumlisha tu: prosesa hufika wati 76, kadi 132, vingine tuseme 50. Jumla 258, basi pawasaplai nzuri ya wati 500 inatosha na kubaki. Pima pia urefu wa kadi dhidi ya nafasi iliyomo kwenye kasha.

Mtego halisi umejificha kwenye BIOS. B550 zilitoka 2020, prosesa hiyo 2022. Ubao uliokaa sana dukani unaweza usiitambue: feni zinazunguka, kioo cheusi. Mwambie muuzaji asasishe BIOS kabla ya kufunga mzigo. Kioo kikibaki cheusi hata hivyo, tazama waya wa skrini. Prosesa hii haina picha yake yenyewe, kwa hiyo waya uchomekwe kwenye kadi, si kwenye ubao.

Wanasema pia kompyuta iliyoundwa tayari haina shida ya kuingiliana. Hapa nakataa kabisa. Mashine nyingi za bei nafuu ni za ofisi zilizotumika, kama Dell OptiPlex 9020 ndogo. Pawasaplai yake ni ya wati 255, tundu lake la umeme kwenye ubao ni la Dell peke yake, na kasha halipokei kadi ya kimo cha kawaida. RX 6600 hutaiweka humo. Na pawasaplai za zamani zenye swichi nyekundu huweza kuja zikiwa kwenye 115. Ukizichomeka kwenye volti 220 bila kuigeuza, zinaungua papo hapo.

Kwamba iliyoundwa tayari husafiri salama zaidi? Si kweli. Kadi nzito ikitikisika chomboni huvunja tundu lake. Itolewe, isafirishwe kwenye boksi lake.

Ukiamua kununua iliyoundwa tayari, sawa, lakini omba kifuniko kifunguliwe ukisome kibandiko cha pawasaplai kabla hujatoa pesa.