Dawa Haifundishi Bakteria, Huwapepeta

Katika bonde la Kilombero, kuanzia Ifakara hadi Mbingu, mtoto anapomeza dawa bila kupata nafuu, aghalabu husemwa kwamba mwili wake umeizoea. Wengine husema kuwa ni bakteria waliozoea. Kauli zote mbili zinapotosha. Usugu si sifa ya mwili wa mgonjwa, wala bakteria hajifunzi kustahimili dawa inayomwua. Kinachobadilika ni jamii nzima ya bakteria, kwa njia ya uteuzi asilia.

Ushahidi ulitolewa mwaka 1952 na Joshua na Esther Lederberg. Walikuza makundi ya bakteria katika sahani, kisha wakayanakili kwa kitambaa cha mahameli kwenye sahani nyingine yenye streptomaisini. Ni machache tu yaliyoota. Walipochunguza mahali palepale katika sahani ya awali, waliwapata ndugu zao, ambao hawakuwahi kuguswa na dawa, nao wakiwa sugu. Usugu ulitangulia dawa. Ulitokana na makosa ya nasibu wakati jeni zinaponakiliwa. Dawa ilifanya kazi ya ungo: haukuumba mchele wala pumba, ulitenganisha tu vilivyokuwamo.

Uteuzi huohuo umepimwa hapa nchini. Mwaka 2009, katika vijiji vya Kongwa, mkoani Dodoma, wananchi walipewa azithromaisini ili kudhibiti vikope. Watafiti walichunguza bakteria wa E. koli katika choo cha watoto wadogo. Kabla ya dawa, takriban asilimia 16 ya bakteria waliopimwa walikuwa sugu kwa azithromaisini. Baada ya mwezi mmoja walifikia asilimia 61. Baada ya miezi mitatu, asilimia 42. Na baada ya miezi sita, asilimia 31.

Mwenendo huo una mafunzo mawili. Kwanza, dawa ililenga bakteria wa macho, lakini iliwapepeta pia wa utumbo, ambao hawakuwa wakisababisha ugonjwa uliotibiwa. Pili, dawa ilipokoma, walio sugu walipoteza faida yao na idadi yao ikapungua, ingawa baada ya nusu mwaka ilikuwa bado haijarudi ilikoanzia.

Kongwa ilikuwapo sababu nzito: kuzuia upofu. Mtoto wa Mbingu anayepewa amoksilini kwa mafua, ugonjwa wa virusi, hupata upepetaji uleule bila faida yoyote. Kwa hiyo ushauri wa "maliza dozi" peke yake hautoshi. Dozi isiyohitajika, hata ikimalizwa kikamilifu, bado huwaacha walio sugu wakitawala. Swali la kwanza katika duka la dawa lisiwe "vidonge vingapi?", bali "je, ugonjwa huu unatokana na bakteria?"