Anza na Usiku, Wachana na Deni

Kila Kwaresima rafiki yangu huamua kusali Liturujia ya Vipindi yote. Anaweka alamu tano kwenye simu. Siku ya nne analala kupita Masifu ya Asubuhi, kisha saa sita mchana anajaribu kuyafidia akiwa kwa matatu. Siku ya tisa ameacha. "Hizo ni mambo za mapadre na masista," ananiambia.

Nakataa kabisa. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka 1963, uliwahimiza walei wasali vipindi hivi pamoja na mapadre, wao kwa wao, au hata mtu peke yake. Tofauti ni kwamba padre amefungwa na wajibu, wewe hujafungwa. Sasa deni unalolipa saa sita ni la nani? Masifu ya Asubuhi yalitungiwa asubuhi. Ukiyakosa, yamepita. Sali kipindi kilichopo.

Tena unaanzia pagumu. Zaburi za asubuhi na jioni zimegawanywa kwa wiki nne, halafu sikukuu zinaingilia kati, na mgeni anapotelea hapo. Sala ya mwisho wa siku huzunguka wiki moja tu, na kanuni zinaruhusu utumie zaburi za Jumapili kila usiku. Kwa hiyo unahitaji Zaburi 91 pekee, mistari 16. (Ukiona kitabu kinaandika 90, usishtuke, ni hesabu ya Kilatini.) Na ukitoka shifti saa saba usiku, bado ni halali, kwa sababu sala hii inafuata kulala kwako, haingoji saa fulani.

Kaa kitandani, simu mbali. Fanya ishara ya msalaba ukiomba Mungu akusaidie, kisha Atukuzwe. Nyamaza dakika moja, uipitie siku: ulimjibu nani vibaya, ulidanganya wapi. Omba msamaha. Kama unajua wimbo wa usiku, imba, hata kwa sauti ya chini, jirani asigonge ukuta. Soma Zaburi 91 polepole, ukipumua katikati ya kila mstari, na mwishoni Atukuzwe tena. Fuata na Ufunuo 22:4-5. Jikabidhi mikononi mwa Bwana kwa sentensi moja, kisha usome wimbo wa Simeoni, Luka 2:29-32, yule mzee aliyemwona mtoto Yesu hekaluni akawa tayari kuondoka. Sala fupi ya kuomba usiku wa amani, halafu Salamu Malkia. Ni kama dakika kumi.

Utajua unakosea ukianza kukimbiza maneno ili umalize. Hapo acha wimbo, lakini usiache ile dakika ya kunyamaza. Rafiki yangu huiruka kwanza, eti haina maneno.

Baada ya miezi miwili hivi zaburi yenyewe ilikuwa imenikaa kichwani. Wiki jana stima ilipotea ploti nzima, simu nayo haikuwa na chaji. Nilisali gizani.