Nyusi zitazame mizizi

KIOO CHA JUMAMOSI
Na Zuhura Makame

Mpwa wangu alirudi kutoka saluni na nywele za rangi ya shaba, zimempendeza kwelikweli. Tulimsifia, lakini kuna kitu hakikukaa sawa. Mwenyewe alikiona kwenye picha: nyusi mbili nyeusi ti, zimekolezwa wanja, zimeumeza uso mzima. Msusi wake akamshauri azipake blichi. Nikamkataza.

Unywele mweusi ukipakwa blichi haurukii kahawia. Hupita kwenye wekundu, kisha rangi ya chungwa, ndipo ufike manjano. Kichwani msusi huizima ile chungwa kwa rangi nyingine. Nyusi ni fupi na ziko jirani na jicho, huwezi kuzipaka na kuzipaka tena. Ukikwama njiani utabaki na nyusi za chungwa mpaka zianguke na mpya ziote.

Wengine hutumia rangi ya nywele au piko. Hilo ndilo linalonitisha zaidi. Piko nyingi zina parafenilenidiamini, kemikali iliyomo pia kwenye rangi nyingi za nywele. Marekani, miaka ya 1930, rangi ya kope iliyoitwa Lash Lure, yenye kemikali hiyohiyo, ilipofusha wanawake na kuua mmoja. Kisa hicho kilikuwa miongoni mwa visa vilivyosukuma sheria ya vipodozi ya mwaka 1938. Usiipeleke piko kwenye nyusi wala kope hata kama mkononi haijawahi kukudhuru, kwa sababu mzio unaweza kuzuka baada ya matumizi mengi ya salama.

Basi tulifanya hivi. Kwanza aliosha wanja wote. Nusu ya tatizo ikaondoka hapohapo, maana nyusi zake zenyewe si nyeusi kama ule wanja. Pili, msusi alikuwa ameacha mizizi kama sentimita mbili ikiwa nyeusi, na hiyo ndiyo iliyotuokoa: nyusi zikapata mwenzao usoni. Ndiyo maana nasema nyusi zitafute rangi iliyo kati ya mizizi na ncha, zisiigize ncha. Tukachukua maskara ya nyusi ya kahawia iliyokolea yenye wekundu kidogo, kwa kuwa shaba ni rangi ya joto. Angekuwa na nywele za kijivujivu, wekundu huo ungegombana nazo. Brashi ilifutwa kwanza kwenye tishu, ikapita juu ya unywele tu bila kugusa ngozi.

Kope tuliziacha nyeusi. Macho yake ni meusi, na kope husimama na jicho kabla ya kusimama na nywele. Angetaka kuzilainisha, maskara ya kahawia ingetosha, kisha aioshe usiku.

Tulimaliza dirishani, si chini ya taa ya bafuni, ambayo huongeza umanjano. Akarudi hatua tatu, nikampiga picha. Safari hii nilianza kuyaona macho yake.