Hesabu Isiyo na Maneno



Ndugu wasomaji, kijana mmoja wa Sagalla aliteremka mlimani hadi Voi akaniletea kipande cha karatasi alichotumwa na shangazi yake. Hakikuwa na salamu, jina wala swali, ila mstari mmoja tu:

1/8 + 2/3 + 1/6 + 1/6

Ingekuwa ni hesabu ya daftari la mtoto, jibu lake ni jepesi. Sehemu zote tunazigeuza kuwa za 24, nazo ni 3, 16, 4 na 4. Jumla yake ni 27/24, yaani moja na thumni. Mwenye kupima vikombe vya unga angetosheka na jibu hilo.

Lakini nilisita. Thumni, thuluthi mbili na sudusi mbili zikikutana mahali pamoja hufanana mno na mafungu ya mirathi. Basi niliandika 27/24 chini ya mstari, kwani ndilo lililokuwa mbele yangu, kisha nikaongeza swali moja: "Bibi, hizi ni sehemu za kitu gani, na kila moja ni ya nani?"

Jibu likaja. Mumewe amefariki, ameacha mke mmoja, mabinti wawili, baba na mama. Hana mtoto wa kiume, wala hakuacha wasia. Baada ya maziko na madeni zimebaki shilingi 270,000.

Hapo ndipo jibu la daftari lilipogeuka kuwa hatari. Mke akipewa 33,750, mabinti 180,000, na baba na mama 45,000 kila mmoja, zitahitajika shilingi 303,750. Atakayefika mwisho atapungukiwa na 33,750. Dalili ni hiyo: mafungu yakizidi kitu kizima, hayagawiki kama yalivyoandikwa.

Wanazuoni huita hali hii auli. Mafungu hubaki 3, 16, 4 na 4, lakini mali hugawanywa kwa 27 badala ya 24, ili upungufu umpate kila mmoja kwa kadiri ya fungu lake. Kila fungu hapa ni shilingi 10,000. Mke hupata 30,000, mabinti 80,000 kila mmoja, baba 40,000 na mama 40,000. Jumla ni 270,000 kamili.

Masuala haya hujulikana kwa jina la Mimbariya, kwa kuwa imepokewa kwamba Sayyidna Ali, Allah amridhie, aliulizwa akiwa juu ya mimbari, akajibu papo hapo kuwa thumni ya mke imekuwa tusui.

Lau angalikuwapo mtoto mmoja wa kiume, zile thuluthi mbili zisingalikuwapo, na hesabu yote ingalibadilika. Kwa hiyo, enyi mama zetu, mnapomwandikia sheikh au Kadhi, tangulizeni maneno: nani amefariki, nani wamebaki na nasaba yao, na kimebaki nini baada ya deni. Tarakimu zifuate nyuma.

Wallahu aalam.