Shukrani za Nahodha

Nahodha mmoja wa Matondoni alitaka kuwashukuru vijana waliomkwamua alipokwama kwenye mlango wa Mkanda, maji yalipokupwa. Programu ya simu ikamwandikia: “Ningependa kuchukua fursa hii kutoa shukrani zangu za dhati kwa msaada wenu usio na kifani.” Nani alifanya nini? Haimo. Ujumbe huo ungeweza kutumwa kwa yeyote. Aliponionyesha, niliufuta wote, nikamwuliza walimfanyia nini, nikaandika alivyojibu: “Wanangu, mulikaa nasi usiku kucha mpaka mai yakajaa, mukatuvuta. Hata pesa ya mafuta hamukutaka. Mungu awalipe.” Nikamsomea kwa sauti. Neno “hakika”, nililolichomeka mimi, lilimkwaza, nikalitoa. Kiamu chake sikukigusa. Vijana wale wanamjua anavyosema.