Bando likiisha, salio ndilo linaloliwa: pesa za simu zinapotelea wapi Jinja na Mbale

Watu wengi wa Jinja na Mbale hawapati bili ya simu mwisho wa mwezi. Tunaweka pesa kwanza, tunatumia baadaye. Kwa sababu hiyo wengi huamini kwamba hasara ya ghafla ya simu ni shida ya wenye mikataba ya ofisini. Sivyo. Kwetu hasara haiji kwa karatasi, inakuja asubuhi unapotaka kumpigia mteja na kuambiwa salio halitoshi, wakati jana jioni uliweka shilingi elfu kumi.

Neno la kwanza linalotoka mdomoni huwa "wameniibia". Mara chache huenda ni kweli kuna kosa. Mara nyingi simu yenyewe ndiyo iliyotumia, na alama zake zimo humo humo ndani ya simu.

Tuchukue mfano wa mama fundi cherehani wa Jinja. Bei tulizoweka ni za kupigia hesabu tu, si bei za kampuni yoyote. Ana shilingi 10,000 za salio kwa ajili ya kupigia wateja. Saa mbili asubuhi ananunua bando la siku moja, GB 1 kwa shilingi 2,000. Kila MB inamgharimu kama shilingi 2. Jioni anaongea na kaka yake kwa video, anabaki na kiasi kidogo, analala bila kuzima data. Kesho yake saa mbili asubuhi saa 24 zimetimia na bando linakufa. Ujumbe wa kumjulisha unaingia, lakini yeye yuko sokoni na simu iko ndani ya mkoba. Data haikatiki. Inaendelea, safari hii ikitozwa kwenye salio kwa bei ya nje ya bando, tuseme shilingi 30 kwa MB. Kundi la kanisa linatuma video tatu, kundi la akiba linatuma picha za risiti, na programu moja inajisasisha yenyewe. Jumla ni MB 200. Mara 30, ni shilingi 6,000. Saa tatu na nusu anatoa simu kumpigia mteja na anakuta shilingi 4,000.

Hakufungua hata ukurasa mmoja. Bei ya MB ilipanda mara 15 dakika ileile bando lilipokwisha, na simu haikumuuliza kama anakubali.

Kuna nchi ambazo sheria inalazimisha kampuni kuuliza. Afrika Kusini, tangu mwaka 2019, kampuni za simu zinatakiwa kumjulisha mteja bando likifika nusu, asilimia 80 na likiisha kabisa, na haziruhusiwi kumtoza bei ya nje ya bando kabla hajakubali. Umoja wa Ulaya uliweka kikomo cha euro 50 kwa data ya mtu aliye nje ya nchi yake mwaka 2010, na onyo katika asilimia 80. Hapa kwetu mzigo mkubwa bado uko kwa mwenye simu. Ujumbe wa onyo unasaidia, lakini ni taarifa tu. Haufungi mlango, na mara nyingi unasomwa pesa zikiwa zimekwisha kwenda.

Kwa hiyo kikomo kilicho imara kuliko vyote ni kutokuwa na salio la kuliwa. Pesa zako ziache kwenye akaunti ya pesa za simu, kisha nunua bando moja kwa moja kutoka huko bila kupitia salio. Ukihitaji kupiga simu, nunua bando la dakika. Bando la data likiisha na salio likiwa sifuri, mtandao unakatika, basi. Kukatika huko kunaudhi, lakini hakukugharimu kitu. Mama yule angefanya hivyo, zile shilingi 10,000 angezikuta zote.

Njia hii ina matundu mawili. La kwanza ni mkopo wa salio. Ukikopa usiku halafu bando likaisha, data italamba pesa za mkopo, na ukiweka salio tena deni linakatwa pamoja na ada yake kabla hujapiga hata simu moja. La pili ni bando linalojirudia lenyewe. Unaponunua kwenye menyu ya namba za nyota, soma kabla ya kubonyeza: mara nyingine chaguo la kwanza ni la kujirudia kila siku, na la mara moja liko chini yake.

Ulinzi wa pili uko ndani ya simu. Katika simu nyingi za Android unafungua `Settings`, halafu `Network & internet`, unachagua laini, kisha `Data warning & limit`. Katika baadhi ya simu majina yanatofautiana kidogo. Hapo kuna vitu viwili ambavyo watu huvichanganya. `Data warning` inakuonya tu ukifika kiasi ulichoandika. `Set data limit` ndiyo inayozima data ya laini hiyo. Ukiwa na laini mbili, weka kikomo kwa kila moja.

Usiandike kiasi kamili cha bando. Simu na kampuni hazihesabu sawasawa, kwa hiyo kwa bando la GB 5 weka kikomo kwenye GB 4.5. Pia katika simu nyingi hesabu hii ni ya mwezi, kuanzia tarehe unayochagua. Inamfaa anayenunua bando la mwezi. Kwa anayenunua la siku haisaidii sana, maana simu haijui kwamba bando la leo linakufa saa mbili asubuhi. Huyo arudi kwenye njia ya salio sifuri, na azime data kabla ya kulala.

Halafu punguza kile kinachopita bila wewe kujua. Kwenye WhatsApp, fungua `Settings`, `Storage and data`, utaona `Media auto-download`. Chini ya `When using mobile data` na `When roaming` ondoa alama zote, ili video ya kundi ije pale tu unapoigusa. Kwenye Play Store, weka `Auto-update apps` iwe `Over Wi-Fi only`.

Jambo moja linawakamata hata wajuzi. Facebook imefungwa Uganda tangu Januari 2021, na wengi wanaifikia kwa VPN. Ukiwa umenunua bando la mitandao ya kijamii au la WhatsApp pekee, kampuni inatambua data ya WhatsApp na kuikata humo. VPN inaficha kila kitu ndani ya bomba moja. Kampuni inaona VPN, haioni WhatsApp, kwa hiyo inakata kwenye bando la kawaida, na kama hulina, inakata kwenye salio. Bando lako la WhatsApp linabaki zima huku pesa zikienda. Zima VPN kabla ya kutumia bando la aina hiyo.

Laini ya nje ni hadithi nyingine. Tangu Goma ilipotekwa Januari 2025, wako waliofika na laini ya Kongo ndani ya simu, na hawataki kuitoa, kwa sababu namba hiyo ndiyo WhatsApp yao na ndiyo ndugu wanayoijua. Laini hiyo ikiwa Uganda inatumia mtandao wa wengine, yaani iko kwenye romingi, na data yake inaweza kuwa ghali mno. Si lazima uitupe. WhatsApp ikishathibitishwa inafanya kazi kwa namba ya Kongo hata data ikitoka kwenye laini ya Uganda. Kwenye mipangilio ya laini, chagua laini ya Uganda iwe ya data, na kwenye laini ya Kongo zima `Roaming`. Zima pia ruhusa ya simu kuhamia laini ya pili yenyewe pale ya kwanza inapokwama, kama simu yako inayo. Waambie ndugu wakupigie kwa WhatsApp, kwa kuwa kupokea simu ya kawaida ukiwa kwenye romingi nako kunaweza kutozwa.

Wengine husema Kongo sasa imo ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, kwa hiyo gharama hizo zimeisha. Kongo ilijiunga mwaka 2022, ndiyo. Lakini bei nafuu za romingi hazikuja na uanachama. Mpango wa mtandao mmoja ulianza mwaka 2014 kwa Kenya, Uganda na Rwanda, na ulianza na simu za sauti: bei ilipangiwa kikomo cha senti 10 za dola kwa dakika. Kusikia kwamba "simu ni nafuu" hakumaanishi data ni nafuu.

Kwa wafanyabiashara wa Mbale wanaoshuka Lwakhakha, au wanaopita Malaba na Busia, hatari ni mnara wa Kenya. Mjini Mbale simu haiuoni. Pale mpakani inaweza kuushika hata hujavuka, na bando ulilonunua kwa matumizi ya Uganda huenda lisifanye kazi huko. Ukiona jina la mtandao wa Kenya juu ya kioo, au ujumbe wa kukukaribisha Kenya, uko kwenye romingi tayari. Zima `Roaming` kabla ya kuondoka nyumbani. Anayetoka Jinja kwenda Mbale kwa njia ya Tirinyi hana wasiwasi huo.

Sasa, umekuta pesa hazipo. Kabla ya kugombana na wakala, angalia saa ya ujumbe wa bando kuisha, kisha fungua `App data usage` uone kila programu imetumia kiasi gani. Ikionyesha MB 200 baada ya saa hiyo, simu ndiyo iliyokula. Ikionyesha MB 5 tu na shilingi 6,000 hazipo, basi si data. Tafuta huduma za kulipia ulizojiunga bila kujua, kama milio ya simu, ujumbe wa michezo au wa kubeti, au mkopo uliokatwa. Hapo piga 100, ambayo ni huduma kwa wateja kwa MTN na kwa Airtel, uombe wakutajie kila makato na saa yake, na wakuondoe kwenye huduma hizo. Wasipokusikiliza, malalamiko yanapelekwa kwa Tume ya Mawasiliano, UCC.

Hapo ndipo swali la jina linapojitokeza. Laini iliyosajiliwa kwa jina la jirani au la mwenye nyumba, malalamiko yake ni ya jirani. Mwaka 2019 UCC iliruhusu wakimbizi kusajili laini kwa hati za Ofisi ya Waziri Mkuu. Kama bado unatumia laini ya mtu, pesa zilizoko humo, pamoja na zile za akaunti ya pesa za simu, kwa karatasi ni zake.