Kibao cha "Hakuna Njia" si Kinga ya Mwenye Eneo

Wapo watu, na baadhi yao ni wenye elimu, wanaoshikilia kwamba aliyeingia katika eneo la mtu bila ruhusa amejitakia mwenyewe yote yatakayompata. Mgeni aliyekaribishwa, wasema, atunzwe. Mvamizi na ajitunze. Hoja hiyo ina sura ya haki, lakini Uingereza, ambako ndiko ilikokuzwa, imekwisha kuitupa.

Mwaka 1929 Bunge la Malodi, lililokuwa mahakama ya juu kabisa ya huko, lilikata shauri la kampuni ya makaa ya mawe ya Addie, ya Uskochi. Mtoto wa miaka minne alikuwa ameuawa na gurudumu la mtambo wa kuvutia makaa. Watoto walizoea kucheza pale, na wafanyakazi walizoea kuwafukuza. Malodi walisema mtoto yule alikuwa mvamizi, na kwamba mwenye eneo alikatazwa tu kumdhuru kwa makusudi au kwa kutojali kabisa kuwapo kwake. Wazazi hawakupata kitu. Kwa miaka zaidi ya arobaini kanuni hiyo ngumu ikaendelea kuitwa sheria.

Mwezi Juni 1965, huko Mitcham, kusini mwa London, mtoto wa miaka sita alivuka seng'enge ya shirika la reli akakanyaga reli yenye umeme, akaungua vibaya. Seng'enge ile ya futi 4 ilikuwa imebanduka kwenye nguzo, ikakanyagwa hata ikabaki kama inchi 10 kutoka ardhini. Watu walikuwa wameifanya njia. Miezi miwili kabla yake mkuu wa stesheni alikuwa ameambiwa kwamba watoto wameonekana relini. Seng'enge haikutengenezwa, ingawa kazi yenyewe ilikuwa ndogo.

Mwaka 1972 Malodi walilitia shirika hatiani. Hawakusema mvamizi ni sawa na mgeni, kama wapinzani wa hukumu hiyo wanavyopenda kudai. Walisema mwenye eneo anayeijua hatari, na anayejua kwamba yaelekea sana watu watafika penye hatari hiyo, hana budi kutenda kama mtu mwenye utu. Lodi Reid aliongeza jambo la busara: maskini asiye na msaidizi aweza kusamehewa asipofanya lile ambalo shirika kubwa lenye watumishi tele lingetazamiwa kulifanya.

Sheria ya mwaka 1984 iliendeleza njia hiyo kwa Uingereza na Welisi, ikamruhusu mwenye eneo kutimiza wajibu wake kwa kutoa onyo, pale onyo linapofaa. Hapo ndipo wapenda vibao wanapojificha. Lakini onyo hupimwa kwa yule anayelengwa. Mwizi mwenye umri wa miaka thelathini hulisoma akaamua mwenyewe; mtoto wa miaka sita, aonaye kijia kilichokanyagwa na seng'enge iliyolala, hana analolisoma ila kijia hicho.